Waya wa Udongo

Kompadre wangu anaitwa Audio, na kwa miaka yote niliyoishi naye kijiji kimoja sijamwona akisikiliza mtu. Sijui mama yake alikuwa anafikiria nini. Mimi ndiye mama wa ubatizo wa binti yake Yorgelis, ndiyo maana tunaitana kompadre na komadre, kwa hiyo nina ruhusa ya kumtukana bila kuomba radhi, na ruhusa hiyo naitumia vizuri.

Mimi ni fundi wa majokofu. Kusini mwa Ziwa la Maracaibo fundi wa majokofu hakosi kazi, kwa sababu kuna vitu viwili haviachi kuua majokofu huku: umeme wa waya, ambao unapanda na kushuka kama bei ya samaki, na umeme wa mbinguni. Huo wa pili tumezaliwa nao. Karibu kila siku jua likizama, mdomoni mwa mto Catatumbo mbingu inaanza kumulika, kimyakimya, bila ngurumo, maana iko mbali. Watoto wetu wanalala kwa mwanga huo. Ndiyo maana watu wa huku wana ugonjwa mmoja ambao sijauona kwingine: hawaogopi. Wanasema ule umeme ni jirani, hauumi. Ukisogea juu ya paa na kuanza kunguruma wanaubadilisha jina, wanauita radi, kana kwamba ni mgeni katoka nchi nyingine. Ni uleule! Umekuja tu kuwatembelea nyumbani.

Mwaka jana mwezi wa kumi mgeni huyo alimtembelea Audio na kuichoma friza yake. Hiyo friza ndiyo iliyokuwa inawalisha. Wavuvi wanaleta samaki wao, bocachico, mkewe Nerva anawagandisha na kuuza barafu, na gari la kutoka mjini likifika kila Jumatatu wanauza na kugawana mapato. Friza ilipokufa, Nerva alikaa sakafuni jikoni akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na mimi nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi. Binti yao mkubwa, aliyeko Chile akifua mashuka ya hoteli, alijinyima miezi kumi na moja akatuma nyingine. Nyeupe, ndefu, ina kifuniko kizito cha kumvunja mtu vidole. Nerva aliiambia friza hiyo mbele yangu, "Wewe ukifa, na mimi nazikwa humohumo ndani yako."

Nikamwuliza Audio safari hii ataikinga vipi.

"Nina kinga," akasema, akanionyesha kile kiboksi cha kuchomeka ukutani chenye taa tatu, nyekundu, njano na kijani. Kila nyumba huku inacho. "Kubwa kuliko ile ya kwanza. Ile ilikuwa feki."

"Kompadre, ile haikuwa feki. Hiyo ni kinga ya umeme wa kampuni. Umeme ukizidi au ukipungua inakata, inangoja dakika tatu, inarudisha. Radi haiwezi."

"Imeandikwa kinga."

"Na wewe umeandikwa Audio!"

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Yeye ndiye aliyeamua. Nikaenda Maracaibo nikanunua kifaa chenyewe, kile mafundi tunachokiita kipakuzi, kwa sababu kazi yake ni kupakua. Kinakaa ndani ya boksi la swichi, hakifanyi lolote mwaka mzima, kimelala. Pigo la radi likija kwenye waya kinaamka mara moja na kulipakua lile pigo ardhini kabla halijafika kwenye vyombo. Lakini ili kipakue lazima kiwe na pa kupakulia. Kwa hiyo kuna nondo ya shaba, mita mbili na kitu, inayopigwa chini mpaka izame, na waya mnene unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye nondo hiyo, mfupi, ulionyooka, bila kuzungushwazungushwa. Mafundi wa huku tunauita waya wa udongo. Baba yangu aliuita hivyo, nami sikuwahi kufikiria kuna ubaya.

Nilifunga kipakuzi Jumatatu. Nondo ningeipiga Jumatano, lakini Jumatano nikaitwa na mwenye ng'ombe mmoja ambaye mtambo wake wa kupoza maziwa ulikuwa umesimama, na maziwa hayangoji. Nikampigia Audio simu. Nikamwambia neno kwa neno: "Chukua ile nondo, ipigilie kwenye udongo karibu na boksi, waya uwe mfupi. Mwite Endry akusaidie na nyundo."

"Kwenye udongo," akasema.

"Kwenye udongo."

"Nimekusikia, komadre."

Nilipaswa kushtuka hapohapo. Lini Audio amemsikia mtu?

Jumamosi ilikuwa sherehe ya Yorgelis kutimiza miaka kumi na mitano. Nilifika saa kumi na moja na nusu jioni nikiwa na gauni langu la kijani na viatu vinavyoniua. Watu kama hamsini walikuwa chini ya banda la uani, nguzo za bomba la chuma, paa la bati. Endry, mpwa wa Audio, alikuwa ameshapanga spika zake kubwa. Samaki wa nazi wananukia, patakoni, zile ndizi mbichi za kupondwa, zinakaangwa, keki ya maziwa matatu iko mezani imefunikwa chandarua. Na ua lote limemwagiwa saruji mpya, imelainishwa mpaka inang'aa, na Audio yuko juu yake na suruali nyeupe akiwaambia wageni wakanyage polepole.

Karibu na ukuta, chini ya boksi la swichi, palikuwa na chungu kikubwa cha maua, na katikati ya chungu mlingoti mrefu umefungwa riboni za waridi na maputo. Nikaona ni pambo zuri. Nikasogea. Pambo lilikuwa la shaba.

"Audio."

"Komadre! Umependeza!"

"Audio, hii ni nini?"

"Si nondo yako? Nerva kaifunga riboni, isitie aibu kwenye picha." Akakipiga chungu kofi la mapenzi. "Udongo nimeuleta milimani, kule kwenye kahawa. Mweusi, mbolea tupu. Ulisema udongo, nikasema komadre hapati udongo wa ovyo ovyo."

Mungu anisamehe kwa niliyoyasema mbele ya padre, aliyekuwa amesimama pale na sahani ya patakoni.

"Ningetoboa saruji ya siku tatu?" akajitetea. "Kwa ajili ya msumari? Udongo ni udongo!"

"Udongo ni ule ulioshikana na dunia! Huu umekaa juu ya saruji kama wewe unavyokaa juu ya kiti! Radi itafika hapa itakuta chungu, halafu itakwenda wapi, itaota maua?"

Wageni walicheka. Nami ningecheka, lakini niliangalia juu ya bega lake, upande wa ziwa. Lile wingu halikuwa kule linakokaa siku zote. Lilikuwa limevuka, limeinuka kama ukuta, chini jeusi, na upepo uliokuja ulikuwa wa baridi. Lilimulika. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilipofika thelathini na tano ndipo ngurumo ikaja, nzito, ya chinichini. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Kilomita kumi na mbili, na upepo unatupulizia usoni.

Sikuwa na haja ya kufikiri sana. Kupiga nondo sasa hapana, hakuna mtu wa kushika waya wala shaba wakati radi iko njiani. Kilichobaki ni kuchomoa. Na hata kipakuzi kingekuwa kimefungwa sawasawa bado ningewaambia wachomoe, kwa sababu radi ikipiga karibu kabisa hakuna kifaa kinachojigamba.

"Endry, zima muziki uchomoe kila kitu. Plagi nje ya ukuta, waya wa antena pia. Nyie wote, tokeni chini ya banda, ingieni ndani!"

"Mama Egla, ule si umeme wetu tu?" Endry akaniuliza. "Tumekua nao!"

"Na nyoka pia mmekua nao. Toka!"

"Hatujakata keki!"

"Keki nayo iingie!"

Ilinichukua dakika nzima kuwashawishi kwamba bati juu ya mabomba ya chuma si nyumba. Kisha Nerva akapiga kelele mara moja, na wote wakaingia. Waliokosa nafasi niliwapeleka kwenye basi lililowaleta, vioo juu, mikono isiguse bodi, humo pia ni salama. Wengine wote kwenye sebule ya matofali, katikati, mbali na vyuma vya madirisha. Shangazi mmoja alikuwa anaosha sahani, nikamtoa mikono kwenye bomba. Mjomba mwingine anaongea na simu iliyochomekwa kwenye chaji, nikamchomolea akiwa katikati ya sentensi.

"Audio!" nikaita. "Friza!"

"Nimeshaizima!" akajibu kutoka barazani, akimalizia kubeba viti.

Nikaamini, kwa upumbavu wangu. Alikuwa mtu wa mwisho kuingia. Tukafunga mlango. Mvua ikaanza kuangukia bati la banda, na mwanga uliofuata niliuhesabu mpaka kumi na mbili tu. Kilomita nne.

Tulibanana humo kama dagaa, Yorgelis katikati na gauni lake la waridi lililochukua nafasi ya watu wanne. Nywele zake alikuwa amezinyoosha, zimelala mgongoni kama maji. Nerva akamgeukia mumewe.

"Friza umeichomoa, au umeizima?"

Audio akageukia mlango wa korido.

"Audio."

"Nimebonyeza ile swichi. Kwenye kinga. Taa zikazimika." Akanitazama mimi, uso umeanza kubadilika. "Si ni sawa? Komadre, si ni sawa?"

Laiti ningeweza kumwambia ni sawa. "Ndani ya swichi nafasi ni ndogo kuliko unene wa kucha," nikamwambia. "Radi imeruka kutoka mawinguni, kompadre. Hapo hairuki, inapita tu."

Akainuka. Jikoni ni ng'ambo ya korido, hatua kumi. Nerva akamdaka mkanda wa suruali.

"Unakwenda wapi?"

"Naichomoa. Sekunde moja tu."

"Kaa chini."

"Nerva, niachie! Ni jasho la mtoto wetu lile! Miezi kumi na moja!"

Mwanga. Nikahesabu. Sita.

"Audio Antúnez," Nerva akasema, akizidi kuukaza mkanda, "mwaka jana niliililia friza. Sitaki kujua nitakulilia wewe vipi. Iache iungue!"

Mtu mzima yule akaanza kulia. Hakuna aliyemcheka. Alisimama pale na suruali yake nyeupe, mkewe amening'inia kwenye mkanda, akisema, "Nitamwambia nini mtoto? Nitampigia simu nimwambie nini?" Nami nilikuwa najilaumu kwa lile neno langu, udongo, udongo, kama vile baba yangu alinirithisha mtego. Akajivuta kwa nguvu. Mkanda ukakatika.

"Baba!" Yorgelis akapiga yowe. "Haimo!"

Audio akasimama mlangoni mwa korido.

"Nini haimo?"

"Friza! Haimo ukutani! Niliichomoa mimi saa kumi, niwashe pasi ya nywele!" Alikuwa anaongea na huku anarudi nyuma, gauni likiangusha viti. "Kinga pia niliitoa, nikaweka pembeni. Soketi za chumbani hazina umeme tangu juzi! Nilitaka kurudisha, halafu wageni wakaja, nikasahau!"

Hapa lazima nieleze kwamba ile soketi ya jikoni Audio alikuwa ameiwekea sheria. Hakuna chaji, hakuna blenda, hakuna mkono wa binadamu. Alikuwa amebandika karatasi. Kwa hiyo swichi aliyobonyeza ilikuwa ya kinga iliyolala kwenye kaunta bila umeme, na hizo taa anazodai zilizimika alizizima kichwani mwake.

Nilimwona akijaribu kuchagua hasira na furaha kipi kitangulie. Machozi bado yako kwenye masharubu. Hasira ikashinda.

"Saa kumi!" akanguruma. "Sasa ni saa kumi na mbili na nusu! Kilo themanini za samaki! Wewe mtoto unataka kuniu—"

Hakumaliza. Nyumba nzima ikawa nyeupe, na mlipuko ukaja palepale, pamoja na mwanga, bila hata sekunde ya kuhesabu. Nilihisi sakafu ikipiga nyayo zangu. Jikoni kitu kikapasuka, pa! Taa zikafa. Kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikaja mpaka sebuleni, na padre gizani akasema, "Amina," ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.

Nikawaita mmoja mmoja kwa jina, kila mtu aitikie. Wote waliitika. Dereva wa basi akapiga honi kutuambia nao wazima.

Niliwakataza kuondoka sebuleni mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho, na kila ikinguruma tena nilianza upya, na walinilaani upya. Tulikula keki gizani kwa mikono. Endry alilalamika kwamba sherehe imekufa bila spika zake, ndipo wajomba wakaenda chumbani wakatoa ngoma za Mtakatifu Benito, ambazo hazijawahi kuchomekwa ukutani tangu dunia iumbwe. Yorgelis alicheza dansi yake ya kwanza na baba yake kwa mdundo huo, sebuleni, wakikanyagana. Nywele zake, kwa unyevu wa mvua, zilikuwa zimeanza kujikunja upya.

Nusu saa ilipotimia tuliingia jikoni na tochi, Audio, Nerva na mimi. Nilikuta radi imepiga nguzo ya umeme ya barabarani na kuingia na waya. Soketi ya friza ilikuwa imeruka kutoka ukutani. Pasi ya nywele, bado imechomekwa, ilikuwa imeyeyukia kwenye kaunta, na ukuta kuizunguka ulikuwa mweusi upana wa sinia. Chungu huko nje kilikuwa kizima, na riboni zake.

Friza ilikuwa pembeni, plagi yake imelala sakafuni, safi, kama ilivyotoka dukani. Nerva alitaka kuinua kifuniko, nikamzuia. Friza iliyojaa ikifungwa inashika baridi siku nzima, ukiifungua ndiyo unaitoa baridi yote nje. Audio hakuiangalia friza. Alikuwa ameuelekeza mwanga wa tochi kwenye ule weusi wa ukutani, pale ambapo mtu anayechomoa plagi angeweka mkono.

Asubuhi alianza kugonga kabla sijanywa kahawa. Nilipofika alikuwa ameshatoboa saruji yake chini ya boksi, shimo kubwa kuliko nililohitaji. Tukapigilia nondo kwa zamu, ikazama kwenye ardhi nyevu mpaka ikabaki kichwa tu. Nikafunga waya, hatua moja, ulionyooka. Nikabadilisha kipakuzi, maana kile cha kwanza kilikuwa kimekufa vitani. Nikafunga soketi mpya, yenye tundu la tatu. Umeme wa barabarani ulirudi saa sita mchana, nikaupima, nikarudisha kinga mahali pake kwa kazi yake yenyewe.

"Nani anachomeka?" nikauliza.

"Aliyechomoa," Audio akasema.

Yorgelis akachomeka, macho ameyafumba. Taa ya njano ikawaka. Dakika tatu kinga inangoja, ndivyo ilivyo, na dakika hizo tulingoja jikoni watu sita tukiikodolea macho. Kisha taa ya kijani, mlio mdogo, na mota ikaanza kuunguruma. Endry akapiga mluzi. Nikainua kifuniko, nikagonga bocachico mmoja kwa bisibisi, akalia ko, ko, mgumu kama jiwe.

Nilidhani Nerva atakimbilia samaki wake. Hakusogea hata hatua. Alikuwa ameketi mezani, ameushika mkono wa kulia wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, anaugeuza, anautazama kiganja na mgongo, kidole kimoja baada ya kingine, na kahawa yao wote wawili ikapoa.